Ankara imepitiliza: namna ya kudai ngazi kwa ngazi bila kumpoteza mteja

Tuchukue mfano wa mama mwenye karakana ya ushonaji mjini Arusha. Hoteli moja ya watalii imemwagiza sare 80 za wafanyakazi, kila moja shilingi 50,000. Amezipeleka, mtu wa stoo amezipokea na kusaini, na tarehe 3 Machi ametoa ankara ya shilingi 4,000,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 ambayo ni 720,000. Jumla ni 4,720,000, za kulipwa ndani ya siku 30. Mwisho ni tarehe 2 Aprili. Siku hiyo imefika na kupita, na benki hakujaingia kitu.

Kungoja kwenyewe kuna gharama. Kwa sheria ya Tanzania, VAT inahesabiwa tangu mali inapotolewa au ankara inapoandikwa, hata kama mteja hajalipa senti tano. Ritani ya mwezi Machi inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 Aprili. Mama huyu, hata akishatoa VAT aliyolipia vitambaa, kinachobaki kwenye ile 720,000 atakitoa mfukoni mwake, kwa niaba ya hoteli ambayo bado haijampa. Mafundi nao wanangoja mshahara, na muuza vitambaa hakopeshi.

Wengi wakifika hapo hunyamaza, wakihofia kuonekana wana njaa au kupoteza oda inayofuata. Wananyamaza mwezi, miezi miwili, kisha siku moja hasira zikijaa wanatuma ujumbe mrefu wenye lawama, wakili na polisi ndani yake. Mteja ambaye hajawahi kukumbushwa hata mara moja anajikuta amegeuzwa mwizi. Hapo deni na uhusiano vinaharibika kwa pamoja.

Wanaokusanya madeni kwa ufundi hupanda ngazi. Katika kila ngazi hubadilika mambo matatu: mtu anayeandikiwa, kile anachoombwa, na kitakachofuata asipofanya. Lugha ya heshima inabaki ileile toka ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho.

Kabla ya siku ya mwisho

Ngazi ya kwanza inaanza wiki moja kabla deni halijaiva, na wala si kudai. Mama anampigia mhasibu wa hoteli kuuliza kama jalada lake limekamilika. Katika kampuni nyingi mhasibu hawezi kuandaa malipo mpaka karatasi nne zikae pamoja: hati ya oda, hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya stoo, ankara, na risiti ya EFD. Ikikosekana moja, ankara hulala trei bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, na mara nyingi hakuna anayekupigia kukuambia.

Mgogoro wa kawaida ni ule wa risiti ya EFD. Wapo wauzaji wanaoichelewesha kwa kuwa ikishatoka kodi imeanza kuhesabiwa, huku mhasibu naye akisema hailipi ankara isiyo na risiti. Muuzaji anadhani anadhulumiwa, kumbe aliyezuia malipo ni yeye.

Simu hiyo ina faida nyingine. Kampuni nyingi hulipa kwa mafungu, kwa siku maalumu ya wiki au mwezi. Ukijua kwamba hoteli inalipa Ijumaa na orodha hufungwa Jumatano, unajua pia kwamba kupiga simu Alhamisi ni kujichosha.

Ujumbe wa ukumbusho

Tarehe 5 Aprili, siku tatu baada ya mwisho, mama anamwandikia mhasibu, na nakala ya ankara anaiambatisha palepale:

"Habari za asubuhi Ndugu Mhasibu. Nakukumbusha ankara namba 118 ya sare, shilingi 4,720,000, iliyotakiwa kulipwa tarehe 2 Aprili. Nakala nimeiambatisha. Kama malipo yameshatoka, tafadhali nitumie uthibitisho wa benki. Kama bado, naomba kujua yako kwenye orodha ya wiki ipi. Ahsante kwa ushirikiano."

Ujumbe huu unachukulia kwamba mtu amesahau, na kweli wengi huwa wamesahau. Una namba, kiasi na tarehe, kwa hiyo msomaji halazimiki kwenda kutafuta popote. Unamalizika kwa swali linalojibika. Ukiandika tu "naomba unikumbuke", utajibiwa "usijali", na hilo si jibu.

Hauna pia maelezo ya shida. Mama hasemi ada za watoto wala kodi ya pango. Anadai kwa sababu amefanya kazi, na akianza kuomba huruma anageuza haki yake kuwa msaada, ambao mtu anaweza kuutoa au kuuacha.

Simu ya kutafuta sababu

Ikifika tarehe 16 Aprili, majuma mawili yamepita bila fedha, maandishi yanapumzika na simu inachukua nafasi. Lengo la simu ni kujua ankara imekwama wapi, kwa kuwa dawa inategemea ugonjwa.

Mhasibu ni kijana, anaanza kwa "Shikamoo mama." Mama anaitikia marahaba, anauliza kazi, kisha anakwenda kwenye jambo: "Ile ankara ya sare, mwanangu, imekwama kwa nani?" Swali la "kwa nani" humpa kijana nafasi ya kusema ukweli bila kujitetea. Naye anasema: "Kusema kweli mama, stoo wanalalamika kuna sare 12 zinabana mabegani. Meneja akasema tusubiri kwanza."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hili ndilo hutokea ankara ikiwa na mgogoro: kimya kirefu, na mzigo mzima unashikiliwa kwa kasoro ya sehemu ndogo. Ufumbuzi ni kutenganisha. Sare 68 hazina tatizo. Thamani yake ni 3,400,000, na pamoja na VAT ni 4,012,000. Zile 12 ni 708,000. Mama anaahidi kuzichukua kesho yake na kuzirudisha ndani ya wiki zikiwa zimepanuliwa, na anaomba 4,012,000 zilipwe sasa. Wanakubaliana tarehe 24 Aprili.

Akikata simu, kabla hajafanya lingine lolote, anaandika walichokubaliana na kukituma: sare 12 kurekebishwa, 4,012,000 kulipwa tarehe 24, na 708,000 kulipwa sare zikirudi. Ahadi ya mdomo haina shahidi. Iliyoandikwa siku hiyohiyo, na mhasibu akajibu "sawa mama", ni kumbukumbu ya pande zote.

Tarehe 24 zinaingia 2,000,000 tu. Sare 12 zimesharudi na kupokelewa, kwa hiyo sasa zinadaiwa 2,720,000 bila kasoro ya kusingizia. Hii ni dalili ya ugonjwa mwingine: hoteli haina fedha. Dalili zake nyingine ni tarehe zinazosogea kila wiki, mwenye saini ambaye hakosi kuwa safarini, na kuombwa upya karatasi uliyokwisha kuipeleka. Kwa hoteli za Arusha si ajabu. Aprili na Mei ni masika, watalii hupungua, na baadhi ya kambi za mbugani hufungwa hadi Juni.

Barua kwa mwenye uamuzi

Mhasibu hawezi kutengeneza fedha ambazo hazipo, na kuendelea kumbana ni kumwonea. Tarehe 2 Mei, siku 30 baada ya mwisho, mama anaandika barua rasmi kwa meneja mkuu, nakala kwa mhasibu ili asione amesemwa kisogoni. Anaambatisha taarifa ya hesabu: kilichouzwa, kilicholipwa, kilichobaki, na ahadi zilizopita pamoja na tarehe zake. Barua inasema:

"Tumefurahi kuihudumia hoteli yako na tungependa kuendelea. Hata hivyo, shilingi 2,720,000 zimepitiliza kwa siku 30, na ahadi ya tarehe 24 Aprili ilitimizwa kwa sehemu. Naomba malipo yote au mpango wa malipo wa maandishi kufikia tarehe 12 Mei. Kuanzia leo oda mpya tutazipokea kwa malipo ya awali mpaka deni liishe."

Hakuna neno kali hapo, lakini kuna tarehe na kuna tokeo. Tokeo hilo liko ndani ya uwezo wa mama, na lazima alitekeleze. Hoteli ikileta oda ya mashuka wiki inayofuata naye akaishona kwa mkopo, barua zake zote zijazo zitasomwa kama porojo. Ndiyo maana tishio la mahakama halifai katika ngazi hii kwa mtu ambaye hajaamua kwenda.

Meneja anamwita ofisini. Wanapanga milioni moja tarehe 31 Mei, milioni moja tarehe 30 Juni, na 720,000 tarehe 15 Julai, wakati wageni wameanza kurudi. Mpango unaandikwa, unataja kwamba deni ni halali na ni kiasi gani, na meneja anausaini na kugonga muhuri. Karatasi hiyo inaondoa ubishi wa sare zilizobana, na kisheria ina uzito zaidi: madai ya mkataba Tanzania yana ukomo wa miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda huo haujaisha, hesabu ya miaka huanza upya.

Mdai kwa hasira huharibu hata haki yake. Kuutangaza mkopo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, kukaa mapokezi mbele ya wageni au kumpigia mke wa meneja hakuleti fedha kwenye akaunti isiyo na kitu, na kunampa mdaiwa lalamiko lake mwenyewe.

Ngazi ya mwisho

Mpango ukivunjwa, au barua ya tarehe 2 Mei isipojibiwa kabisa, inabaki notisi ya madai. Kwa kawaida huandikwa na wakili, hutaja deni na vielelezo, na hutoa muda, mara nyingi siku 14, kabla ya shauri kufunguliwa. Hata hapo mama anaweza kumpigia meneja siku moja kabla: "Kesho utapokea barua ya wakili wangu. Mlango wangu wa mazungumzo bado uko wazi mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa." Kabla ya kufika huko apige hesabu ya gharama za wakili na muda dhidi ya kilichobaki. Kwa 2,720,000 huenda inalipa. Kwa 720,000 ya mwisho, pengine anafaa kuchukua alichopewa na kufunga daftari la mkopo la mteja huyo.

Hoteli ikilipa yote kufikia Julai kama ilivyosaini, imeonyesha tabia yake: huchelewa wakati wa masika, lakini hailali na cha mtu. Mteja wa namna hiyo ana thamani, ila masharti yake yabadilike. Oda mpya ianze kwa nusu ya malipo kabla kitambaa hakijakatwa, mkopo usizidi kiasi ambacho karakana inaweza kukibeba mwezi mzima pamoja na VAT yake, na ankara zinazoiva Aprili na Mei ziepukwe kwa kupeleka sare Januari au Februari mwanzoni. Mama ampelekee meneja masharti hayo kwa maandishi pamoja na bei ya oda inayofuata.