Prufu ya ratiba ya mazishi: mambo ya kuangalia kabla ya kutia sahihi

NI SAA mbili usiku wa Jumatano katika nyumba moja mtaani Buruburu, Nairobi. Kamati ya mazishi imemaliza kikao chake, viti vya plastiki vingali uani, na kijana kutoka duka la uchapaji ameketi sebuleni na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mna prufu ya kijitabu cha kurasa 16: picha ya marehemu kwenye jalada, utaratibu wa ibada, wasifu, salamu za rambirambi, picha za familia na nyimbo. Nakala 300 zinahitajika Alhamisi jioni kwa sababu ibada ni Ijumaa, kisha msafara unaelekea mashambani.

"Mama, tia sahihi hapa ili tuanze kazi," asema kijana huyo.

Hili ni jambo la kawaida katika mitaa ya Eastlands, na mara nyingi sahihi hutiwa baada ya dakika tano. Majina hukaguliwa, tarehe ya kuzaliwa hukaguliwa, kisha kijitabu hurudishwa. Ilhali sahihi hiyo ina uzito. Kwa desturi ya wapiga chapa, kosa lililokuwamo katika prufu iliyoidhinishwa ni la mteja, na gharama ya kurudia kazi ni yake. Zaidi ya gharama, mazishi hayaahirishwi kwa sababu ya kijitabu.

Maandishi yanapaswa kuwa yamesomwa na kusahihishwa mapema, kazi ingali kwenye kompyuta. Prufu ya karatasi inaonyesha mambo ambayo kioo cha kompyuta hakionyeshi vizuri: mpangilio wa kurasa, pambizo, rangi na mahali wembe utakapopita.

La kwanza ni mpangilio. Kijitabu cha namna hii huchapwa kwenye karatasi za A4 zinazokunjwa katikati na kupigwa pini mbili kwenye mkunjo. Kila karatasi hubeba kurasa nne, hivyo kurasa 16 zahitaji karatasi nne. Asiyeelewa jinsi zinavyopangwa achukue karatasi nne tupu, azipange pamoja, azikunje katikati, kisha aandike nambari 1 hadi 16 kwa kalamu, akipindua kama anayesoma. Akizifungua atashangaa. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 kando ya ukurasa wa 1, na nyuma yake ni wa 2 na wa 15. Inayofuata ina wa 14 na wa 3, na nyuma yake wa 4 na wa 13. Ya ndani kabisa ina wa 10 na wa 7, na nyuma yake wa 8 na wa 9. Kila mara jumla ya kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi ni 17, yaani idadi ya kurasa ukiongeza moja. Jumla ikitofautiana popote, kuna ukurasa uliopotea njia.

Kwa hiyo prufu inayoletwa ikiwa karatasi moja moja zilizobanwa kwa klipu haitoshi. Mteja ana haki ya kudai iliyochapwa pande zote mbili, ikakunjwa na kupigwa pini kama kijitabu kamili. Hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote hujitokeza: upande wa nyuma umechapwa kichwa chini. Hutokea pale mwendeshaji anapoiambia mashine igeuze karatasi kwa ubavu mrefu badala ya ubavu mfupi. Kwenye karatasi moja moja hakuna atakayeligundua. Kwenye kijitabu kilichokunjwa, mtoto wa darasa la tatu ataliona.

Hatari nyingine huja usiku huohuo wa mwisho. Ndugu wa marehemu aliyewasili kutoka Mombasa aleta salamu zake, ukurasa mmoja tu, na hakuna mwenye moyo wa kumkatalia. Hata hivyo, kijitabu cha pini hakina kurasa 17. Idadi lazima igawanyike kwa nne, hivyo ukurasa huo mmoja huzaa kijitabu cha kurasa 20, zikiwamo tatu tupu za kujaza. Isitoshe, salamu hizo zikiingizwa kwenye ukurasa wa 5, kila kilichofuata husogea hatua moja. Picha kubwa ya familia iliyotandazwa kwenye kurasa za 8 na 9, ambazo katika kijitabu cha kurasa 16 ndizo za katikati na zimo katika karatasi moja, sasa huangukia ya 9 na ya 10, yaani mbele na nyuma ya jani moja. Nusu ya familia iko upande huu, nusu upande ule. Njia nafuu ni kupunguza beti za nyimbo na kuwapa rambirambi nafasi hiyo, idadi ya kurasa ibaki ileile. Lakini lolote litakaloamuliwa, prufu ya awali imekufa. Itolewe nyingine na ikaguliwe upya kutoka jalada hadi jalada.

Pambizo na ukataji ni mambo mawili yanayopaswa kuangaliwa kwa pamoja, na hapa ndipo wengi huponzwa na prufu ambayo haijakatwa. Mashine nyingi za maduka madogo haziwezi kuchapa hadi ukingoni mwa karatasi. Huacha ukanda mweupe wa milimita nne au tano. Familia nayo imechagua jalada la zambarau linalofika hadi ukingoni. Ili kuuondoa ukanda huo, mpiga chapa atakata kijitabu pande tatu: juu, chini na upande wa kufungulia. Karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kijitabu cha takriban milimita 148 kwa 210. Wembe ukiondoa milimita tano kila upande, kinabaki cha milimita 143 kwa 200.

Sasa mteja achukue rula. Ikiwa maandishi yalianza milimita 10 kutoka ukingoni, yamebakiwa na tano. Ikiwa nambari ya ukurasa ilikuwa milimita nane kutoka chini, imebakiwa na tatu. Na wembe wa gilotini haupiti palepale kila mara. Rundo la vijitabu likibanwa, karatasi huteleza kidogo, na tofauti ya milimita moja au mbili kati ya nakala ya juu na ya chini si ajabu. Nambari yenye milimita tatu itapona katika nakala nyingi, na katika nyingine itakatwa miguu.

Dawa yake ni ya kuagizwa mapema. Kazi ichapwe kwenye karatasi kubwa kuliko A4, na rangi ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita tatu hivi kila upande, ili hata wembe ukiyumba usiache mstari mweupe. Kwenye prufu, mistari midogo ya kukatia inapaswa kuonekana pembeni, na rangi ipite nje yake. Maandishi nayo yakae angalau milimita 10 ndani ya mistari hiyo, na upande wa mkunjo yapewe zaidi, 12 hadi 15, kwa kuwa kijitabu kilichopigwa pini hakifunguki kikalala kabisa. Kama duka lina karatasi za A4 pekee, ni heri jalada liwe na usuli mweupe kuliko kulazimisha zambarau ifike ukingoni.

Kuna pambo moja ambalo wapiga chapa wazoefu huliogopa, nalo ni fremu nyembamba inayozunguka jalada karibu na ukingo. Familia huipenda kwa sababu inaipa picha heshima. Lakini wembe ukiyumba kwa milimita moja, fremu huwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, na jicho hulinasa kosa hilo kutoka mwisho wa kanisa. Fremu ama isogezwe ndani vya kutosha, ama iachwe.

Rangi haihukumiwi usiku chini ya balbu ya manjano. Yafaa ingoje asubuhi, itazamwe karibu na mlango au dirisha, nje ya jua kali. Wala isilinganishwe na picha iliyo kwenye simu, kwani kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe ilhali wino hutegemea mwanga unaoangukia karatasi; picha iliyochapwa daima itakuwa imefifia kidogo. La kuangalia ni uso. Ngozi nyeusi ikichapwa vibaya hupoteza vivuli vyake, ikawa doa moja jeusi lenye macho na meno, au hugeuka nyekundu kama iliyoungua. Baada ya uso, shati jeupe: je, limebaki jeupe, au limeingia ubuluu? Mteja akisema "haipendezi", mwendeshaji hajui afanye nini. Akisema "uso una wekundu mwingi, na upande wa shavu la kushoto hauonekani", atapunguza wino wa majenta na kuupa uso mwanga.

Kingo za herufi nazo zina habari. Picha huundwa kwa wino wa aina nne, yaani sayani, majenta, manjano na nyeusi, zinazopandana. Zisipokaa sawasawa, herufi nyeupe juu ya usuli wa zambarau huonyesha uzi wa rangi pembeni au huzibika. Na picha iliyopokewa kwa WhatsApp ikakuzwa kujaza jalada huwa na ukungu ambao hakuna wino utakaouondoa. Picha ya upana wa sentimita 10 yahitaji nukta zipatazo 1,200 kwa upana huo ili itoke safi. Aidha, prufu itolewe kwenye karatasi ileile itakayotumika. Rangi iliyokaguliwa kwenye karatasi ya fotokopi si ile itakayoonekana kwenye karatasi ya kung'aa.

Hata wenye fedha na muda hawajaepuka makosa ya aina hii. Mnamo Agosti 8, 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi IEBC ilisitisha uchaguzi wa ugavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega baada ya kugunduliwa kwamba karatasi za kura, zilizochapwa Ugiriki, zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea husika. Uchaguzi huo ulifanyika Agosti 29.

Kwenye sebule ya Buruburu, prufu yarudi kwa kijana ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu: ukurasa wa 11 umechapwa kichwa chini, fremu iondolewe, uso uangazwe. Haijatiwa sahihi. Sahihi itatiwa kwenye prufu ya pili, Alhamisi saa tatu asubuhi, pamoja na tarehe, idadi ya nakala, aina ya karatasi na ukubwa baada ya kukatwa. Nakala moja itabaki kwa familia. Na masanduku yakifika jioni, mmoja wa wanakamati atachomoa kijitabu cha juu, cha katikati na cha chini, avipindue ukurasa kwa ukurasa kando ya nakala hiyo kabla ya salio kulipwa.