Betri Hii Itafika Asubuhi?

Wauza sola wa siku hizi hawana maneno mengi. Ukiuliza bei kwa simu, unatumiwa picha ya skrini iliyokatwa kwenye katalogi, na chini yake mistari miwili mitatu ya muuzaji mwenyewe. Ya kawaida inafanana na hii:

```
Battery: LiFePO4 12.8V 100Ah
Capacity: 1280Wh
DOD: 80%
Inverter: 1000W (Peak 2000W)
Efficiency: 90%
No-load: 12W
```

Halafu muuzaji anaongeza: runinga saa 23, feni saa 25, taa tano saa 36, friji saa 8. Mnunuzi anaisoma orodha hiyo na kuona nyumba yake nzima ikiwaka mpaka kesho yake jioni. Muuzaji hajadanganya sana. Amegawa 1280 kwa wati za kila kifaa, kimoja kimoja, kana kwamba usiku ule nyumbani kutakuwa na feni peke yake bila hata taa ya kumulika njia ya chooni. Vifaa vyote vinakula betri moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo saa zile haziwezi kusomwa kwa pamoja.

Katika picha ile kuna namba mbili zinazochanganywa kila siku, 1280Wh na 1000W. Ya kwanza inasema betri imebeba umeme kiasi gani. Anayenunua Luku tayari anaijua hesabu yake, maana uniti moja ni wati-saa 1000. Betri hii ikijaa imebeba uniti moja na zaidi kidogo ya robo, basi. Ya pili, ile 1000W, ni ya inveta, na inasema tu vifaa vya jumla ya wati ngapi vinaweza kuwashwa kwa mpigo. Haina habari yoyote kuhusu muda. Ndiyo maana boksi lililoandikwa 1000W kwa herufi kubwa linaweza kuwa na betri ndogo ajabu ndani yake, na mteja asigundue mpaka usiku wa kwanza.

Kama picha haina Wh, zidisha volti kwa ampea-saa: 12.8 mara 100 ni 1280. Vifaa vidogo vya mkononi hupenda kuandika mAh kwa sababu namba inakuwa kubwa na kuvutia. Kimoja kilichoandikwa 60000mAh kina ampea-saa 60, lakini kwa volti za seli ya ndani, ambazo mara nyingi ni 3.7 na si 12. Ukizidisha unapata wati-saa 222, chini ya robo ya uniti.

Sasa tuitoe kwenye 1280 ile sehemu isiyofika kwenye soketi. DOD ni kiasi cha betri unachoruhusiwa kutumia kabla ya kuirudisha kwenye chaji. Lithiamu ya aina hii inaweza kushushwa zaidi ya hapo, lakini mtengenezaji akisema asilimia 80, panga kwa 80. Zinabaki wati-saa 1024. Inveta nayo, inapogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, inapoteza sehemu kama joto. Kwa ufanisi wa asilimia 90 zinabaki kama 920. Hii 920 ndiyo betri uliyonunua. Iandike pembeni ya picha na uisahau ile 1280.

Kisha orodha ya vifaa. Wati zake husomwa kwenye kibandiko nyuma ya kifaa, na kama kimeandikwa ampea tu, zidisha kwa volti. Tuchukue nyumba ya kawaida: taa tano za LED za wati 7, jumla 35, runinga ya inchi 32 yenye wati 45 pamoja na king'amuzi cha wati 10, feni ya wati 50, na ruta ya intaneti ya wati 10. Jumla ni 150. Usisahau mstari wa mwisho wa picha, No-load 12W. Hicho ni chakula cha inveta yenyewe inapokuwa imewashwa tu, hata kama hakuna kilichochomekwa. Ihesabu kama kifaa cha ziada, jumla iwe 162.

Gawa 920 kwa 162, unapata saa tano na dakika 40 hivi. Ukiwasha vyote saa moja jioni, giza litaingia saa sita na dakika 40 usiku. Kwa hesabu ya haraka ya 1280 kugawa kwa 150 ungetegemea umeme mpaka saa tisa na nusu, na hiyo tofauti ya karibu saa tatu ndiyo huwafanya watu waamini wameuziwa betri mbovu wakati betri ni nzima.

Lakini hakuna anayeacha runinga iwake mpaka feni izime. Hesabu inayofaa zaidi kwa familia inapita upande wa pili: kila kifaa kizidishwe kwa saa ambazo kweli kinatumika, halafu zijumlishwe. Taa saa nne ni wati-saa 140. Runinga na king'amuzi saa nne, 220. Ruta saa tano, 50. Feni kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane, yaani 400. Inveta inakaa imewashwa tangu saa moja jioni, saa 11, nayo inakula 132. Jumla ni 942, na betri inatoa 920. Zimepungua 22, kwa hiyo feni itazima dakika 20 hivi kabla ya saa kumi na mbili. Betri ileile iliyokuwa inaishia usiku wa manane sasa karibu inafika alfajiri, bila senti moja kuongezwa. Angalia pia kwamba inveta tupu imekula zaidi ya ruta mara mbili na nusu, karibu sawa na taa zote. Picha nyingi za wauzaji huukata mstari ule wa No-load, na mimi huuliza kwanza huo kabla ya kuuliza bei.

Friji ndiyo inayovuruga hesabu za wengi, kwa sababu wati zake hazitumiki muda wote. Kompresa inawaka, inapoza, inapumzika. Friji ya wati 150 ukiizidisha kwa saa 24 unapata 3600, na utakata tamaa bure. Tafuta kibandiko cha matumizi chenye kWh/24h. Kikisema 0.7, friji inakula wati-saa 700 kwa siku, wastani wa wati 29. Kama kimeandika matumizi ya mwaka, gawa kwa 365. Namba hizo hupimwa katika chumba cha joto maalumu na mlango umefungwa; jikoni Dar es Salaam mwezi Februari, watoto wakifungua kila mara kutafuta maji baridi, tegemea zaidi. Hata kwa wastani ule mzuri, saa 11 za usiku zinataka 320, na betri yetu haina hata moja ya kubakiza. Yule muuzaji wa "friji saa 8" amekosea pande zote mbili: ikiwa peke yake na inveta, friji hii ingekaa zaidi ya saa 20, lakini ikiungana na nyumba haina nafasi.

Friji ina jambo jingine. Kompresa ikianza kuzunguka huvuta wati mara kadhaa ya zile za kibandiko, kwa muda mfupi sana. Kazi ya Peak 2000W ni hiyo, kuvumilia mshtuko wa kuanza. Si ruhusa ya kupiga pasi. Pasi ya wati 1200 itaizidi inveta ya 1000W, nayo italia na kujizima hata betri ikiwa imejaa pomoni.

Yote haya ni ya lithiamu. Picha ikisema Gel, AGM au Lead Acid, hesabu inabadilika hapohapo. Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ukizoea kuzimaliza, zinakufa mapema. Volti 12 mara 100 ni 1200, nusu yake 600, na baada ya inveta zinabaki 540. Kwa nyumba yetu ya wati 162 hizo ni saa tatu na dakika 20. Tena ile 100Ah mara nyingi imepimwa kwa kuivuta polepole kwa saa 20, ampea 5 tu. Nyumba yetu inavuta karibu mara tatu ya hapo, na betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilichoandikiwa. Saa tatu ni matumaini mazuri.

Kabla ya kutuma pesa, tafuta uzito kwenye picha. Betri ya risasi ya volti 12 na 100Ah kwa kawaida inakaribia kilo 30, na ya lithiamu ya ukubwa huo iko kilo 10 hadi 14. Gel ya "100Ah" yenye kilo 15 haina risasi ya kutosha kubeba namba hiyo, hata kibandiko kiwe kizuri namna gani.

Ikishafika nyumbani, ipime. Ijaze mpaka mwisho, ondoa paneli, washa runinga, king'amuzi na feni tu, na uandike saa uliyoanza. Usiamini vile vimistari vinne vya betri kwenye inveta, hasa kwa lithiamu, maana volti zake hukaa karibu palepale kwa muda mrefu halafu zinaporomoka mwishoni. Wati 105 za vifaa na 12 za inveta ni 117, na 920 kugawa kwa 117 ni karibu saa nane. Kama inveta haikuwekewa kikomo cha asilimia 80 itaendelea hadi saa tisa au zaidi, na hiyo ni dalili njema. Ikizima baada ya saa nne, zidisha 4 kwa 117: umepewa wati-saa 468. Rudia mara ya pili baada ya kuijaza siku nzima ya jua kali, kwa sababu betri ambayo haikujaa inaonekana sawasawa na betri ndogo. Jibu likibaki lilelile, mtumie muuzaji picha yake mwenyewe pamoja na hesabu hiyo, wakati dhamana bado haijaisha.