"Nani Mwenzangu?": Barua ya Kwanza kwa Mwalimu Aliyekufundisha

Mwalimu wa sekondari aliyekaa kazini miaka mingi anaujua ujumbe huu. Namba ngeni, maneno mawili: "Shikamoo Mwalimu." Anajibu, "Marahaba. Nani mwenzangu?" Jioni linaingia jina moja, Neema, na yeye amefundisha akina Neema wa kutosha kujaza darasa. Kesho yake: "Nimemaliza chuo, naomba mwongozo." Mwongozo wa nini? Hapo wengi hujibu "Hongera sana, Mungu akutangulie," na mambo yakaishia hapo.

Ugumu wa barua hii ni kwamba haikai katika yale mafungu mawili tuliyofundishwa shuleni. Barua ya kirafiki ina anwani moja, salamu ndefu na habari za nyumbani. Barua rasmi ina anwani mbili, kichwa kinachoanza na YAH, na "wako mtiifu" mwishoni. Mwalimu wako wa zamani si rafiki wa rika lako, wala si mwajiri. Mwandikie kwa umbo la kirafiki, lakini kwa ufupi wa barua rasmi. Ukimwekea "YAH: KUOMBA USHAURI" chini ya shikamoo, atadhani ameandikiwa na halmashauri.

Tumchukue kijana aliyesoma HKL kidato cha tano na sita, kisha ualimu chuoni Dodoma. Anamwandikia aliyemfundisha Kiswahili, na hawajawasiliana tangu aondoke shuleni. Barua yake ingeweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa HKL, niliyemaliza kidato cha sita mwaka 2021, yule aliyekuwa akitunza funguo za kabati la vitabu vya fasihi. Natumaini hujambo, na nyumbani wote wazima. Nisamehe kwa kimya changu.

Nilihitimu ualimu wa Kiswahili na Historia mwaka 2024. Nimeomba ajira serikalini, bado sijaitwa kwenye usaili. Shule ya kata ya hapa nyumbani inapokea walimu wa kujitolea, ila inaweza kunipa nauli tu. Njia nyingine ni kurudi chuo kusoma shahada ya umahiri. Mjomba atalipa ada ya mwaka wa kwanza. Wa pili sina uhakika nao. Moyo wangu uko darasani, lakini naogopa kujitolea kusije kukawa ndiyo kazi yenyewe, miaka ikapita.

Wewe ulifundisha kwanza, ndipo ukarudi masomoni. Ukitazama nyuma, ile miaka ya darasani ilikuchelewesha, au ilikusaidia ulipofika chuo? Hata jibu fupi litanifaa.

Mwanafunzi wako."

Chini yake anaweka jina lake kamili, lile lililokuwa kwenye daftari la mahudhurio, na namba ya simu.

Kabati la vitabu limefanya kazi ambayo jina peke yake lisingeweza. Mwalimu hukumbuka mambo aliyoyaona: nani alichelewa kila Jumatatu, nani aliongoza mdahalo, nani alishika funguo. Kimya cha miaka kimepewa sentensi moja, nayo inatosha. Anayejaza aya nzima kwa kujilaumu anamlazimisha mzee aanze kwa kumbembeleza.

Kiini cha barua ni aya ya pili, na hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa kutaja fedha mbele ya mwalimu kunaonekana aibu. Lakini bila ile nauli na ile ada ya mwaka mmoja, mwalimu angeshauri gizani. Angesema "soma mwanangu," na kijana akakwama mwaka wa pili. Kijana amesema pia moyo wake umeelekea wapi na anaogopa nini, kwa hiyo mwalimu ana kitu cha kukubaliana nacho au kukipinga.

Kisha swali. Ni moja, na linahusu maisha ya mwalimu mwenyewe, hivyo analo jibu hata kama hajui lolote kuhusu ajira za leo. Linganisha na "Mwalimu, huna koneksheni yoyote?" Huyo si mwenye kutaka ushauri, anataka kazi, na mwalimu asiye na kazi ya kugawa atanyamaza kwa kuona haya. Kama kweli unatafuta nafasi, sema hivyo waziwazi, katika barua nyingine, mkishazoeana upya.

Kwa WhatsApp barua hiyo hiyo inafaa, mradi iende yote kwa ujumbe mmoja, salamu na swali pamoja. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ungoje kwanza. Mwalimu akiwa ofisini na wenzake hawezi kuufungua. Tazama na kalenda: Novemba ni mtihani wa kidato cha nne, na anayefundisha kidato cha sita huwa na Mei yenye pilika. Likizo ya Juni au Desemba ni afadhali. Wiki mbili zikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa salamu fupi. Akijibu, mshukuru siku hiyo hiyo, na ukishaamua, mwandikie tena umweleze uliamua nini, hata kama hukufuata alichosema.