Bosi kalipa ada ya mtoto, mshahara umeshuka. Kwa nini?

Leo naomba tuongelee jambo lililomtokea shangazi yangu, maana naamini wengi mna wazazi au kaka na dada ambao litawakuta.

Shangazi anafanya kazi kwenye kampuni moja hapa Dar. Mshahara wake ni 900,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa 2024 kampuni ilimwambia itamlipia mwanae ada, 2,400,000 kwa mwaka, nusu Januari na nusu Julai, pesa inakwenda moja kwa moja benki kwenye akaunti ya shule. Nyumbani ilikuwa furaha tupu. Ikafika mwisho wa Januari 2025, akaenda benki akakuta 379,000 badala ya 729,500 aliyoizoea. Akanipigia simu: "Mwanangu, hawa watu wamenikata ada kimyakimya."

Nikamwambia alete salari slipu tuikalie chini. Kwenye mapato kuna mshahara 900,000, chini yake ada ya shule 1,200,000, jumla 2,100,000. Kwenye makato kuna NSSF 90,000, PAYE 431,000, halafu tena ada ya shule 1,200,000. Hapo ndipo shangazi alipochanganyikiwa, na hata mimi nilishtuka mwanzoni.

Lakini hiyo ada kuonekana mara mbili siyo wizi. Juu inaongezwa ili ihesabiwe kodi. Chini inatolewa kwa sababu pesa yenyewe imeshakwenda shule, haiwezi kuja tena mfukoni kwake. Moja inaifuta nyingine. Kitu pekee kilichobaki kinamuuma ni PAYE, ambayo siku zote ilikuwa 80,500 na sasa imeruka hadi 431,000. Ukitaka kujua kama umekatwa ada kweli, angalia kama iko kwenye makato tu bila kuwepo kwenye mapato. Ikiwa hivyo, hapo kimbia kwa mhasibu, maana ada umeilipa wewe.

Sasa kwa nini ada iwe mapato wakati hajaishika? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema mapato ya ajira siyo mshahara peke yake. Mwajiri akikulipia gharama ambayo ni yako, au ya mtu wako wa karibu kama mtoto, hiyo nayo ni mapato yako. Sheria imetaja vitu vinavyoachwa nje, kwa mfano matibabu ya mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne, kama wafanyakazi wote wanatendewa sawa. Ada ya mtoto haimo kwenye orodha hiyo. Na ukifikiria utaona mantiki yake: mfanyakazi mwingine akiongezewa 200,000 kwa mwezi mkononi akalipe ada mwenyewe, atakatwa kodi. Kupitisha pesa ileile benki ya shule hakubadilishi kitu.

Tuje kwenye hesabu. Hivi ni viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, ndivyo vilivyotumika kwenye slipu ile. Mpaka 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Kila asilimia inakata kipande chake tu, haikati pesa yote. Ukijumlisha vipande, mtu wa 760,000 analipa 68,000, na mtu wa milioni moja analipa 128,000.

Kwanza tunatoa NSSF, ambayo kampuni yake inaikata kwenye mshahara peke yake. 900,000 kutoa 90,000 inabaki 810,000. Kodi yake ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 50,000, yaani 80,500. Hiyo ndiyo PAYE yake ya kawaida.

Sasa gawanya ada ya mwaka kwa miezi 12, unapata 200,000. Iweke juu ya 810,000 inakuwa 1,010,000. Kodi ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya 10,000, yaani 131,000. Toa 80,500 ya zamani, nyongeza ni 50,500 kwa mwezi, au 606,000 kwa mwaka. Angalieni hapa wadau: ada haianzii chini kwenye kile kipande kisicho na kodi, maana mshahara umeshakijaza. Inakaa juu kabisa, kwenye asilimia 25 na 30. Ndiyo maana kwa shangazi kila shilingi 100 ya ada imekula kama shilingi 25 za kodi.

Basi mbona Januari alikatwa nyongeza ya 350,500? Kwa sababu mhasibu aliiweka 1,200,000 yote kwenye mwezi mmoja. 810,000 ikawa 2,010,000, na zaidi ya milioni nzima ikaangukia asilimia 30. Julai wakirudia vilevile, nyongeza ya mwaka inakuwa 701,000. Hiyo ni 95,000 zaidi ya ile 606,000, kwa mshahara uleule na ada ileile.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Kodi ya mapato inahesabiwa kwa mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Jedwali la mwaka ni hilihili la mwezi mara 12. Mapato ya shangazi kwa mwaka pamoja na ada ni 12,120,000, kodi yake ni 1,572,000. Bila ada ingekuwa 966,000. Tofauti ni 606,000, siyo 701,000.

Shangazi alikwenda na hesabu hiyo kwa mhasibu, kwa adabu tu, bila kelele. Mhasibu akaipitia na kukubali kwamba Julai atahesabu kwa mwaka: 606,000 kutoa 350,500 iliyokwisha katwa, inabaki 255,500. Kwa hiyo Julai aliondoka na 474,000. Hiyo inafanya kazi kama mshahara haubadiliki katikati. Ukipanda, hesabu ya mwaka inafanywa upya.

Jambo la mwisho. Bosi akisema "tutalipa ada na kodi yake pia", muulizeni vizuri ameandika shilingi ngapi. Ile kodi anayokulipia nayo ni mapato yako, nayo inatozwa kodi. Kwa shangazi, ili 200,000 ifike shule kila mwezi bila mshahara wake kuguswa, kampuni ingetakiwa kuingiza kwenye mapato 272,143 hivi, kati ya hizo 72,143 ni kodi. Ikiandika 250,500 tu, yaani ada na ile nyongeza ya 50,500, pengo linarudi kwake.

Kwa shangazi ofa bado ni nzuri: amepata ada ya 2,400,000 kwa kodi ya 606,000. Ila angejua mapema, asingekopa nauli mwezi wa pili.

Nyie kazini kwenu wanaiweka mwezi mmoja au wanaigawa? Tupieni maoni hapo chini. Nawakilisha.