PICHA MBILI, USO MMOJA

Nani kati yetu asiyepata kuliona tangazo la namna hii? Picha mbili za mtu mmoja zimewekwa bega kwa bega. Iliyoandikwa "Kabla" yaonyesha pua pana, makunyanzi, na kidevu kilichozama katika nyama ya shingo. Iliyoandikwa "Baada" yaonyesha uso mwembamba na laini. Chini yake limewekwa kopo la dawa na bei yake. Sisi twasema kwamba tofauti hiyo yote yaweza kupatikana kwa dakika kumi, na kopo halijafunguliwa.

Tuanze na umbali. Kitu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kupita kilicho mbali. Tuseme ncha ya pua imeyatangulia masikio kwa sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yatakuwa sentimita 42, na pua itakuzwa mara 1.4 kupita masikio. Mpiga picha akirudi nyuma mpaka sentimita 150, masikio yatakuwa sentimita 162, na pua itazidi mara 1.08 tu. Basi kwa hatua moja au mbili za kurudi nyuma, pua imepungua karibu robo mbele ya masikio. Kisha picha ya pili hukuzwa hata nyuso mbili zilingane, na hila ikafichika.

Mwanga nao una kazi yake. Taa moja ikiwekwa ubavuni, kila kunyanzi hutupa kivuli chake, na ngozi huonekana kama shamba lililolimwa matuta. Taa hiyo ikihamishwa mbele ya uso na kufunikwa kitambaa cheupe, vivuli hutoweka, na makunyanzi nayo hayaonekani tena. Mwisho ni mkao: mtu akivuta kidevu nyuma, ngozi ya shingo hukunjamana, akikisogeza mbele kidogo, hunyooka.

Msomaji atatambuaje? Atazame masikio: katika picha ya karibu hujificha nyuma ya mashavu, katika ya mbali hujitokeza. Atazame kivuli cha pua kimeangukia upande gani, na nukta ya mwanga ndani ya mboni imekaa wapi. Vikitofautiana, kamera au taa imehamishwa, au kichwa kimegeuzwa.

Lakini tuwe waadilifu. Alama hizo hazithibitishi kwamba dawa ni bure. Zathibitisha tu kwamba picha hizo si ushahidi. Hata picha zilizolingana kwa yote hazisemi ni dawa iliyofanya kazi, wala ni watu wangapi walioitumia wasipate kitu. Mwenye kuuza ndiye apaswaye kuleta ushahidi. Asipouleta, mshahara wa mfanyakazi na ubaki mfukoni mwake.