Fahamu: Saa moja ya seremala inagharimu kiasi gani?

Seremala wa Dar es Salaam analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Bosi anagawanya kwa saa 195, anapata 3,077, na anakadiria kabati kwa hiyo.

Hapo ndipo hasara huanzia. Mshahara wa mwaka ni 7,200,000. Bonasi ya Desemba, tuseme 800,000. Mchango wa mwajiri juu ya vyote viwili, NSSF asilimia 10 na WCF 0.5, ni 840,000. Jumla 8,840,000.

Sasa saa. Kati ya 2,340 za mwaka toa 180 za likizo, 105 za sikukuu, na 55 za ugonjwa na umeme kukatika: zinabaki 2,000. Gawanya: 4,420.

Malipo ya likizo usiyaongeze juu. Yamo tayari kwenye mshahara. Kabati la saa 40 lilikuwa likipunjwa shilingi 53,720.