Safari ya Sufuria: Kuzuia Kuteleza, Kuungua na Kuumia Mgongo Kazini

Leo nazungumza na wewe unayepika shuleni au hotelini, na wewe unayepiga deki na kufua katika nyumba za watu. Ukiumia mgongo au kuungua mkono, watoto nyumbani watakosa wa kuwahudumia.

Hebu tuiangalie kazi moja: kuepua uji na kuupeleka mahali pa kugawia. Tuchukue mfano wa jikoni la shule. Sufuria ina lita 30 za uji. Lita moja ya uji ni kama kilo moja, kwa hivyo hizo ni kilo 30, bila uzito wa sufuria yenyewe. Jiko liko pembeni, na meza ya kugawia iko ng'ambo, karibu na mlango. Katikati kuna karai la kuoshea vikombe. Akina mama wawili wanaishika sufuria, mmoja anatembea kinyumenyume. Wanapofika kwenye karai, sakafu imelowa. Malapa yake yanateleza.

Hapo hatari tatu zimekutana: maji sakafuni, uji wa moto na mzigo mzito. Uji huchoma vibaya kuliko maji kwa sababu hung'ang'ania ngozi na haupoi haraka. Kuwaambia wale mama "mwe waangalifu" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuifupisha ile safari.

Kwanza, sogeza vitu. Meza ya kugawia iwekwe karibu na jiko, hatua mbili au tatu tu. Karai la vikombe lihamishwe upande ambao hakuna anayepita na chakula cha moto. Watoto wapange foleni nje ya mlango au dirishani, wasiingie jikoni.

Pili, usiiepue sufuria ikiwa imejaa. Punguza moto au ondoa kuni, kisha chota uji kwa jagi lenye mkono mrefu, utie katika sufuria ndogo yenye vishikio na kifuniko. Jaza nusu tu. Ni afadhali safari sita nyepesi kuliko moja nzito. Unapofunua, inua kifuniko kutoka upande ulio mbali nawe ili mvuke usikupige usoni. Shika kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi, na ndipo mtu huiachilia sufuria ghafla.

Tatu, kilichomwagika kipanguswe wakati huo huo. Mafuta hayaondoki kwa maji matupu, maji huyasambaza tu. Nyunyiza jivu lililopoa, zoa, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni. Vaa viatu vilivyofunika vidole na vyenye soli yenye meno. Leso ifungwe isiburute.

Nawe unayepiga deki, anza mwisho wa chumba ukirudi mlangoni. Kwenye ukumbi au ngazi, piga nusu moja kwanza ili nusu nyingine ibaki kavu ya kupitia. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, kwa hivyo ijaze nusu. Kabla ya kuinua, isogelee, tanua miguu kidogo, kunja magoti na uilete karibu na tumbo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Mama mjamzito asiinue mizigo hii.

Je, mtu akiungua? Mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna mfereji, tumia jagi, lakini usitumie barafu. Vua pete, bangili na nguo, isipokuwa nguo iliyonatana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga, kwani vitu hivi huzuia joto kutoka na huleta uchafu kwenye kidonda. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya ikiwa ni mtoto, au ikiwa kidonda kiko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kimepita ukubwa wa kiganja chako. Ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi na haiumi, usidhani ni nafuu. Imeungua kwa kina.

Mwisho, mweleze mwajiri, hata kwa mdomo. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007 inataka hivyo.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, tembea kutoka jikoni hadi mezani mikono mitupu. Chochote utakachoruka, kukwepa au kukanyaga kikiwa kimelowa, kiondoe kwanza. Kwaheri, mama.